Kupima ukweli wa maelezo ya jinsi laptopu inavyokodi anwani kwa DHCP: mwongozo kamili

Katika ofisi moja ya wasafirishaji wa samaki pale Kirumba, Mwanza, kuna karatasi iliyobandikwa juu ya kabati la mtandao. Iliandikwa na kijana aliyekuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, kwa nia njema ya kuwaeleza watumishi ni kwa nini laptopu zao nyakati fulani hukosa mtandao. Inasema hivi:

> Laptopu inapowashwa huiomba ruta anwani. Ruta huangalia anwani iliyo wazi, huipa laptopu, na kuanzia hapo laptopu huitumia. Anwani hiyo hukodishwa kwa saa nane. Saa nane zikiisha, laptopu huirudisha na kupewa nyingine. Laptopu ikizimwa, anwani hurudi kwa ruta papo hapo ili mwingine aitumie. Ukihamia mtandao mwingine, laptopu huanza upya tangu mwanzo. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, ujue ruta imekupa anwani mbaya.

Kwa mtu anayesoma harakaharaka, maelezo haya yanaingia akilini na wala hayana sentensi inayochekesha. Hata hivyo yana kosa moja kubwa, makosa madogo kadhaa, na mambo mawili ambayo ni kweli nusu. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuyapima, sentensi kwa sentensi, kwa kutumia laptopu yenyewe kama shahidi. Kipimo cha mwisho ni waraka RFC 2131 wa Machi 1997, ambao ndio unaoeleza kanuni za DHCP, yaani utaratibu wa kifaa kukodishiwa anwani ya mtandao, kwa anwani za IPv4, lakini waraka huo ni mrefu na husomeka vizuri zaidi baada ya kuona pakiti kwa macho.

## Hatua ya kwanza: fahamu nani ni nani katika mtandao unaoupima

Katika ofisi hii ruta ya kampuni ya intaneti ina anwani 192.168.1.1, na karibu yake kuna kompyuta ndogo ya Linux yenye anwani 192.168.1.2 ambayo inaendesha programu ya dnsmasq. Hiyo ya pili ndiyo inayokodisha anwani, kwa kuwa kazi hiyo ilizimwa kwenye ruta. Waifai hurushwa na kifaa cha tatu kilichofungwa darini. Mpangilio wa aina hii ni wa kawaida katika ofisi iliyokua kidogokidogo, na ndio unaofaa kwa upimaji, kwa sababu kila kazi ina kifaa chake na unaweza kuizima moja bila kuzigusa nyingine.

Kwenye laptopu ya Windows, fungua dirisha la amri na uandike:

```
ipconfig /all
```

Tafuta mistari mitatu: `DHCP Server`, `Lease Obtained` na `Lease Expires`. Mstari wa kwanza peke yake unatosha kuitia dosari sentensi ya kwanza ya karatasi, kwa maana hapa utaonyesha 192.168.1.2, ilhali `Default Gateway` ni 192.168.1.1. Anayekodisha anwani ni seva ya DHCP. Katika nyumba nyingi seva hiyo imo ndani ya ruta, na ndiyo maana watu hulichukulia jina moja kuwa sawa na jingine, lakini ni kazi mbili tofauti. Tofauti hiyo huonekana siku ambayo mtu analeta ruta yake ya zamani kutoka nyumbani, anaichomeka kwenye swichi ili aongeze waifai, na ofisi nzima inajikuta na seva mbili zinazogawa anwani kila moja kwa hesabu yake.

Kwenye laptopu ya Linux inayotumia NetworkManager, amri ni hii, ukiweka jina la kadi yako ya waifai mahali pa wlan0:

```
nmcli -f DHCP4 device show wlan0
```

Humo utaona `dhcp_lease_time = 28800`, yaani saa nane zikiwa zimeandikwa kwa sekunde, na `expiry` ikifuatiwa na namba ndefu kama 1715691600. Namba hiyo ni hesabu ya sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za UTC, na hugeuzwa kuwa saa ya kawaida kwa amri `date -d @1715691600`, ambayo kwenye kompyuta iliyowekwa saa za Tanzania hutoa tarehe 14 Mei 2024, saa 16:00, yaani saa kumi jioni. Kuwa mwangalifu hapa, kwa sababu baadhi ya programu za zamani, kama dhclient, huandika muda wa mwisho katika faili lake kwa UTC bila kuugeuza. Anayesoma 13:00 mle ndani huku saa ya ukutani inasema 14:00 huamini kuwa ukodishaji umekwisha wakati umebakiza saa mbili kamili.

Sentensi ya tatu ya karatasi, ile ya saa nane, imethibitika kwa hatua hii, na hatuna haja ya kuirudia. Ni kweli kwa ofisi hii tu, kwa kuwa muda huo huwekwa na mwenye seva.

## Hatua ya pili: tega sikio kwenye kadi ya laptopu

Sasa tunahitaji kuyaona mazungumzo yenyewe. Usikilizaji ufanyike kwenye laptopu ileile inayoomba anwani, wala si kwenye ya jirani, kwa sababu kwenye swichi na kwenye waifai majibu yanayotumwa kwa mmoja hayamfikii mwingine, nawe utaishia kuona nusu ya mazungumzo na kudhani seva haikujibu. Kwenye Linux:

```
sudo tcpdump -ni wlan0 'udp port 67 or udp port 68'
```

Kwenye Windows, programu ya Wireshark yenye kichujio `dhcp` hufanya kazi hiyohiyo. Kisha lazimisha mwanzo mpya. Kwenye Windows ni `ipconfig /release` na baada yake `ipconfig /renew`. Kwenye Linux, funga na ufungue tena muunganisho. Hapo Kirumba, mistari iliyotoka ilikuwa ya sura hii:

```
07:59:57 IP 0.0.0.0.68 > 255.255.255.255.67: BOOTP/DHCP, Request
08:00:00 IP 192.168.1.2.67 > 192.168.1.37.68: BOOTP/DHCP, Reply
08:00:00 IP 0.0.0.0.68 > 255.255.255.255.67: BOOTP/DHCP, Request
08:00:00 IP 192.168.1.2.67 > 192.168.1.37.68: BOOTP/DHCP, Reply
```

Anayeona hili kwa mara ya kwanza hushangaa kuona maneno mawili tu, `Request` na `Reply`, yakijirudia. Sababu ni kwamba DHCP ilijengwa juu ya itifaki ya zamani ya BOOTP, ya mwaka 1985, iliyokuwa na aina hizo mbili tu za ujumbe, na tcpdump bado huutaja ujumbe kwa jina hilo la juu. Aina halisi imo ndani, katika chaguo namba 53. Ongeza `-v` kwenye amri nawe utaona kuwa ya kwanza ni Discover, ya pili Offer, ya tatu Request na ya nne ACK.

Tusome mistari hiyo minne polepole, kwa sababu inazihukumu sentensi mbili za mwanzo.

Mstari wa kwanza umetoka 0.0.0.0, kwa kuwa laptopu haina anwani bado, na umekwenda 255.255.255.255, ambayo maana yake ni kila aliyeko kwenye mtandao huu. Laptopu haijui seva iko wapi, hivyo haiwezi kumwomba yeyote kwa jina; inachofanya ni kutangaza kwa wote kwamba inatafuta anwani. Sentensi ya kwanza ya karatasi imekosa hapo. Aidha, jambo linaloianzisha kazi hii ni kuunganishwa na mtandao, kwa waya au kwa waifai. Kuwasha mashine peke yake hakutoshi.

Kati ya mstari wa kwanza na wa pili zimepita sekunde tatu. Hazijapotea bure. Kabla ya kupendekeza 192.168.1.37, dnsmasq huipigia anwani hiyo ping ili kuhakikisha kwamba hakuna mtu aliyeiweka kwa mkono kwenye printa au kamera. Seva ambazo hazifanyi hivyo hujibu mara moja, na mtu asiyejua hilo anaweza kuidhania seva makini kuwa ni seva mbovu.

Mstari wa tatu ndio unaosahauliwa na karibu kila maelezo mafupi, yakiwemo haya ya ukutani. Laptopu imekwisha kuiona 192.168.1.37 katika Offer, lakini haijaruhusiwa kuitumia. Ndiyo maana mstari huu bado umetoka 0.0.0.0, na bado umetangazwa kwa wote ingawa sasa seva inajulikana. Utangazaji huo una sababu. Kama seva mbili zilikuwa zimependekeza anwani, kila moja inahitaji kusikia ni ipi iliyochaguliwa, na chaguo namba 54 ndani ya ujumbe huu hutaja anwani ya seva iliyokubaliwa, ili ile nyingine iirudishe anwani yake kwenye akiba. Ruhusa ya kutumia huja na mstari wa nne, yaani ACK, tena laptopu inashauriwa iulize kwanza kwa ARP kama kuna mwingine anayeishikilia anwani hiyo. Akipatikana, laptopu hutuma DHCPDECLINE na kuanza tena.

Kwa hiyo sentensi ya pili, isemayo kwamba ruta huangalia na kuipa laptopu, ni kweli kwa mwanzo na mwisho wake, lakini imeruka makubaliano ya katikati. Mimi ningeihesabu kuwa pungufu badala ya kuwa kosa, kwa mtandao wenye seva moja. Kwenye mtandao wenye seva mbili ni kosa, kwa sababu anayeiamini hataelewa kwa nini laptopu moja imepata 192.168.1.37 na ya jirani yake 192.168.0.12.

Jambo moja dogo la kuangalia kabla hatujaondoka hapa: ukodishaji huhesabiwa na laptopu kuanzia wakati ilipotuma Request, na si wakati ilipopokea ACK. Kwa kuwa Request hapa ilitoka 08:00:00, saa nane zitaisha 16:00:00.

## Hatua ya tatu: ipime saa

Sentensi ya nne, kwamba saa nane zikiisha laptopu huirudisha anwani na kupewa nyingine, ndiyo yenye kosa kubwa. Ingekuwa kweli, basi kila laptopu ya ofisi iliyopata anwani saa mbili asubuhi ingekatika saa kumi jioni, simu ya video ingekufa katikati ya maneno, na faili lililokuwa likipakuliwa lingeanza upya. Hilo halitokei, na sababu ni vipima muda viwili ambavyo karatasi haikuvitaja kabisa.

Cha kwanza huitwa T1, na isipokuwa seva imeagiza vinginevyo ni nusu ya muda wa ukodishaji. Cha pili ni T2, nacho ni asilimia 87.5 ya muda huo. Kwa saa nane zilizoanza 08:00, T1 inaangukia 12:00, yaani saa sita mchana, na T2 inaangukia 15:00, saa tisa alasiri. Ifikapo T1, laptopu hutuma Request moja kwa moja kwa 192.168.1.2, safari hii ikitumia anwani yake yenyewe badala ya 0.0.0.0, na bila Discover wala Offer. Seva ikijibu ACK, saa nane mpya zinahesabiwa kuanzia hapo, na mwisho unasogea kutoka 16:00 hadi 20:00. Anwani ni ileile, na mtumiaji haoni chochote. Ni kama mpangaji anayekwenda kuongeza mkataba wa chumba kodi ikiwa bado nusu, badala ya kungoja vyombo vyake vitolewe nje.

Unaweza kulithibitisha hili kwa kusoma orodha ya seva kabla na baada ya saa sita mchana. Kwenye seva, faili la orodha ya wakodishaji, ambalo katika Debian na Ubuntu huwa `/var/lib/misc/dnsmasq.leases`, lina mstari mmoja kwa kila kifaa:

```
1715691600 02:11:22:33:44:55 192.168.1.37 laptop-ofisi 01:02:11:22:33:44:55
```

Namba ya kwanza ni mwisho wa ukodishaji. Baada ya saa sita mchana, mstari uleule ulionekana na 1715706000, ambayo ni sekunde 14,400 zaidi, sawa na saa nne. Kilichobadilika ni muda, na anwani imebaki 192.168.1.37. Hapo sentensi ya nne imekwisha kukanushwa na maandishi ya seva yenyewe.

Ila ushahidi huo unaonyesha tu mambo yanapokwenda vizuri. Ili kujua hasa ukodishaji una maana gani, inabidi seva iondolewe na laptopu iangaliwe inavyofanya. Punguza muda kuwa dakika kumi katika faili la mipangilio ya dnsmasq, ambayo yenyewe haikubali muda ulio chini ya dakika mbili:

```
dhcp-range=192.168.1.20,192.168.1.200,255.255.255.0,10m
```

Anzisha upya dnsmasq, unganisha laptopu upya ili ipate muda huo mfupi, acha tcpdump ikisikiliza, kisha kwenye seva andika `sudo systemctl stop dnsmasq`. Sasa T1 ni dakika ya tano, T2 ni sekunde ya 525, na mwisho ni sekunde ya 600. Fanya hivi baada ya saa za kazi, au kwenye kifaa cha majaribio, maana watu wengine nao wataathirika.

Mambo mawili hulivuruga jaribio hili mara nyingi. La kwanza ni kuizima seva kwa kuchomoa umeme mahali ambapo seva, ruta na waifai ni sanduku moja. Waifai ikipotea, laptopu hujiona imekatika na mfumo huiondoa anwani kwenye kadi papo hapo, wala hukupima ukodishaji bali umepima kukatika kwa waya. Nadhani hapa ndipo wengi wanapoipatia imani kwamba seva ikifa anwani hufa nayo, kwa sababu umeme unapokatika mtaani kila kitu kwenye sanduku hilo huzimika pamoja. La pili ni kwamba dnsmasq kwa kawaida hujibu pia maswali ya majina ya tovuti. Ukiisimamisha, kurasa hazifunguki, nawe unaweza kuapa kwamba anwani imepotea. Ili usidanganyike, piga `ping 192.168.1.1` muda wote wa jaribio. Ping ikiendelea kujibiwa, anwani ipo na inafanya kazi, hata kama hakuna tovuti inayofunguka.

Utakachokiona ni hiki. Kuanzia dakika ya kwanza hadi ya tano hakuna pakiti yoyote ya DHCP, na ping inajibiwa. Laptopu haijui kabisa kwamba seva imekufa, na haina haja ya kujua. Karibu na dakika ya tano Request ya kwanza inatoka 192.168.1.37 kwenda 192.168.1.2, haijibiwi, na inarudiwa. Kanuni inaitaka laptopu isubiri nusu ya muda uliobaki hadi T2 kabla ya kurudia, bila kushuka chini ya sekunde 60. Karibu na sekunde ya 525 utaona badiliko lililo wazi kabisa kwenye skrini, kwa kuwa mwisho wa safari sasa si 192.168.1.2 tena bali ni 255.255.255.255. Laptopu imekata tamaa na seva yake na inamwomba yeyote mwenye mamlaka aiongezee muda kwa anwani ileile. Ifikapo sekunde ya 600 bila jibu, ping inakoma, laptopu inaiacha anwani, na ndipo Discover inaporudi.

Rudisha hesabu hiyo kwenye saa nane za kweli ili uone inamaanisha nini kwa ofisi. Tuseme seva imeharibika saa nne asubuhi na fundi ameirudisha 14:20. Laptopu ilijaribu 12:00, ikakosa. Ilibaki na saa tatu hadi T2, ikangoja nusu yake na kujaribu 13:30. Ikangoja nusu ya kilichobaki na kujaribu 14:15, ikakosa tena. Ikajaribu karibu na 14:37 na kupata ACK. Mwisho mpya ni karibu na 22:37. Seva ilikufa kwa zaidi ya saa nne, na laptopu hiyo haikupoteza hata pakiti moja kwa sababu ya anwani. Lakini mgeni aliyeingia saa tano na laptopu yake hakupata kitu. Hiyo ndiyo alama ya kutambulia seva ya DHCP iliyokufa kazini: waliokuwepo wanaendelea vizuri na wanaofika wanakosa. Anayeamini karatasi ya ukutani atamwambia mgeni kuwa laptopu yake ni mbovu, kwa kuwa za wengine zinafanya kazi.

Usitarajie dakika hizo zitimie kwa usahihi wa sekunde. Programu nyingi huchanganya bahati nasibu kidogo ili laptopu zote za ofisi zisiombe kwa wakati mmoja, na nyingine zina ratiba yao ya kurudia. Mpangilio wa matukio ndio unaopimwa, yaani kwanza kwa seva moja, halafu kwa wote, halafu kuiacha anwani.

## Hatua ya nne: zima laptopu na uangalie orodha

Sentensi ya tano ni rahisi kupima. Rudisha muda wa saa nane, unganisha laptopu, ifunge kabisa, kisha soma faili la wakodishaji kwenye seva. Katika hali ya kawaida mstari wa laptopu bado upo, na mwisho wake haujabadilika. Ujumbe wa kurudisha anwani upo, ni DHCPRELEASE, na ndio unaotumwa na `ipconfig /release`, lakini mifumo mingi haiutumi inapozimwa, na RFC 2131 inasema wazi kwamba DHCP haitegemei ujumbe huo ili ifanye kazi sawasawa. Hata ukitumwa, haujibiwi, hivyo ukipotea njiani hakuna atakayejua.

Kosa hili huumiza zaidi kwenye hosteli za wanafunzi na nyumba za wageni kuliko ofisini. Mwenye nyumba ya wageni karibu na Mwaloni akiweka anwani 50 na muda wa saa 24, wageni 20 walioondoka alfajiri bado wanaweza kushikilia anwani 20 au zaidi hadi kesho yake, na simu nyingi za siku hizi hubuni anwani ya MAC, yaani namba ya kuitambulisha kadi ya mtandao, kwa kila mtandao, hivyo simu iliyosahau mtandao na kuuingia upya huweza kuhesabiwa kuwa mgeni mpya kabisa. Anwani huisha ingawa vyumba vitupu vipo. Dawa yake ni kufupisha muda au kupanua safu ya anwani. Kuwaambia wageni wazime simu hakutasaidia kitu.

## Hatua ya tano: hama mtandao

Sentensi ya sita inasema laptopu huanza upya tangu mwanzo inapohamia mtandao mwingine. Mara nyingi ni kweli, ila kuna hali moja ambapo si kweli, nayo inafaa kujulikana na mtu yeyote mwenye ofisi mbili. Chukua laptopu yenye 192.168.1.37 kutoka Kirumba, ifunge, panda nayo kivuko hadi Nansio, Ukerewe, na uifungue kwenye tawi ambako jina la waifai na nywila vimewekwa sawa na vya Mwanza ili watumishi wasisumbuke. Ukodishaji wa Mwanza haujaisha. Laptopu ikiamini imerudi mtandao uleule, inaruhusiwa kuruka Discover na Offer na kutuma Request moja kwa wote, ikisema kwamba inataka kuendelea na 192.168.1.37.

Kama tawi la Nansio linatumia 192.168.100.x, seva yake huona kwamba anwani iliyoombwa si ya hapo na hutuma DHCPNAK, yaani ujumbe wa kukataa, na hapo ndipo laptopu inapoanza kweli tangu mwanzo. Kwenye tcpdump yenye `-v` utaona Request, NACK, Discover, halafu zile tatu nyingine. Kama matawi yote mawili yanatumia 192.168.1.x, mambo si hakika hivyo. Seva isiyo na kumbukumbu ya laptopu hiyo inatakiwa inyamaze, na laptopu itasubiri kidogo kabla ya kuanza upya. Seva iliyopewa mamlaka kamili kwa `dhcp-authoritative` inaweza kukubali papo hapo kama anwani iko wazi. Kuchelewa kwa sekunde kadhaa baada ya kufungua laptopu kwenye tawi la pili, halafu kila kitu kikawa sawa, ni dalili ya jambo hili. Wape mafundi wako safu tofauti kwa kila tawi, hata kama jina la waifai ni moja.

## Hatua ya sita: ile 169.254

Sentensi ya saba ni kosa tupu, na kuikanusha hakuhitaji kazi kubwa. Wakati wa jaribio la hatua ya tatu, laptopu ya Windows iliyofika sekunde ya 600 bila jibu ilijipa yenyewe anwani ya 169.254, wakati seva ilikuwa imezimwa na haikuweza kumpa mtu chochote. Ukiiona anwani hiyo, ujumbe wake ni kwamba laptopu haikupata jibu la seva ya DHCP. Tafuta kwanza kama Discover inatoka. Ikitoka bila Offer kurudi, tatizo liko kwenye njia, kwenye seva, au kwenye akiba ya anwani iliyokwisha.

## Maelezo yaliyosahihishwa

Baada ya vipimo hivi, karatasi inaweza kuandikwa upya bila kurefuka sana:

> Laptopu inapounganishwa na mtandao hutangaza kwa wote kwamba inatafuta anwani. Seva ya DHCP hupendekeza anwani moja, laptopu hutangaza kwamba imeikubali, na seva ikithibitisha ndipo laptopu huitumia. Anwani hukodishwa kwa saa nane. Baada ya saa nne laptopu huiomba seva ileile iongeze muda, na ikikubaliwa huendelea na anwani ileile. Ikikosa jibu hurudia, na baada ya saa saba humwomba yeyote. Saa nane zikiisha bila jibu huiacha anwani. Kuzima laptopu kwa kawaida hakurudishi anwani mapema. Kwenye mtandao mwingine laptopu hupata anwani mpya, wakati mwingine baada ya kukataliwa ile ya zamani. Anwani inayoanza na 169.254 maana yake ni kwamba seva haikujibu.

Anayeinakili kwa ofisi yake abadilishe zile saa nane, saa nne na saa saba kulingana na `Lease Obtained` na `Lease Expires` za kwake. Kwa muda wa saa 24, kwa mfano, zinakuwa saa 24, saa 12 na saa 21.